Dau Maradufu: Hesabu Inayounguza Akaunti Ndogo

Roboti za kubashiri bei zinazouzwa kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram huja na skrinishoti zinazofanana: safu ndefu ya rangi ya kijani, nyekundu chache hapa na pale, na salio linalopanda ngazi kwa ngazi bila kuteleza. Muuzaji hukwambia kwamba roboti haina tamaa wala woga. Haifuati hisia, haichoki, na kila ikipoteza inajua namna ya kurudisha hela yako. Siku chache baadaye mnunuzi anaamka asubuhi, anafungua simu, anakuta akaunti imeungua. Akilalamika, anajibiwa kwamba alianza na mtaji mdogo, au hakufuata utaratibu, au soko lilikuwa baya usiku ule.

Mara nyingi utaratibu ulifuatwa barabara. Kilichounguza akaunti ni utaratibu wenyewe, kwa sababu ndani yake mna kanuni moja ya zamani sana: ukipoteza, weka dau mara mbili ya lililopita, ukishinda, rudi kwenye dau la kwanza. Wacheza kamari wa Ulaya waliiita martingale. Giacomo Casanova, yule Mveneti wa karne ya 18, anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba aliitumia kwenye meza za kamari za Venisi. Ilimpa ushindi siku baada ya siku mpaka mwisho wa kanivali, kisha ikamkausha mfuko. Kilichobadilika tangu wakati huo ni kwamba leo kanuni hiyo inaendeshwa na kompyuta, mchana na usiku.

Ndani ya roboti kuna nini

Ukivua mapambo yote, moyo wa roboti kama hii ni mistari michache tu. Inaweza kuandikwa hivi:

```
dau = 1000
while salio >= dau:
    matokeo = cheza(dau)
    if matokeo == "hasara":
        dau = dau * 2
    else:
        dau = 1000
```

Mstari unaoongeza dau hauulizi bei inaelekea wapi. Hauangalii habari za uchumi wala chati. Unaangalia kitu kimoja: je, mara iliyopita tulipoteza? Roboti inaweza kuwa na sehemu nyingine ya kuchagua "juu" au "chini", yenye viashiria vya kila aina, lakini ukubwa wa dau unaamuliwa na hasara iliyopita. Maana yake ni kwamba pesa nyingi zaidi huwekwa pale ambapo mambo yamekwenda vibaya zaidi.

Tuchukue akaunti yenye shilingi 127,000 na dau la kuanzia la shilingi 1,000. Mchezo ni wa kubashiri kama bei itapanda au itashuka ndani ya dakika moja. Ukipatia unalipwa faida ya asilimia 95 ya dau lako. Ukikosea dau lote linaondoka. Kwa muda mfupi namna hiyo, kubashiri mwelekeo wa bei hakutofautiani sana na kurusha sarafu, kwa hiyo tuseme roboti inapatia nusu ya mara zote.

Kiasi cha 127,000 kimechaguliwa kwa makusudi. Dau likianza na 1,000 na kuzidishwa mara mbili kila hasara, linakwenda 2,000, 4,000, 8,000, 16,000, 32,000, kisha 64,000. Jumlisha yote saba utapata 127,000 kamili. Akaunti hii basi ina pumzi ya hatua saba. Hasara saba mfululizo zikitokea, hakuna kitu cha kuwekea hatua ya nane.

Tuite "mzunguko" safari nzima tangu dau la 1,000 mpaka roboti ishinde, au mpaka hatua saba ziishe. Uwezekano wa sarafu kukukataa mara saba mfululizo ni nusu ya nusu ya nusu, mpaka mara saba, yaani 1 kati ya 128. Hapo ndipo ushawishi wote ulipo. Mizunguko 127 kati ya 128 huisha kwa ushindi. Mtu akisikia kwamba mfumo unashinda zaidi ya mara 99 kwa 100, anaona ni wazimu kuukataa. Anachosahau kuuliza ni kwamba zile mara nyingi zinaleta kiasi gani, na ile moja inachukua kiasi gani.

Faida inavyopungua ngazini

Muuzaji husema kwamba ushindi mmoja hurudisha hasara zote na faida juu yake. Usemi huo ungekuwa kweli kama mchezo ungelipa sawasawa, elfu kwa elfu. Hapa unalipa 950 kwa kila 1,000, na ile 50 inayobaki inaonekana ndogo mpaka uifuate ngazini.

Roboti ikishinda dau la kwanza inapata 950. Ikishindwa mara moja kisha ikashinda dau la 2,000, inalipwa 1,900, inatoa ile 1,000 iliyopotea, inabaki na 900. Ushindi ukija hatua ya tatu, faida ya mzunguko ni 800; hatua ya nne, 600. Hatua ya tano roboti imeweka 16,000 mezani, inalipwa 15,200, na hasara zilizotangulia ni 15,000: yote hiyo ni kwa ajili ya shilingi 200. Hatua ya sita hata ukishinda umepoteza 600. Hatua ya saba unaweka 64,000, unashinda, unalipwa 60,800, na bado umebaki nyuma kwa 2,200.

Kwa hiyo karibu na mwisho wa ngazi roboti inahatarisha nusu ya akaunti ili kupunguza hasara, wala si kuleta faida. Kwenye skrini hatua hiyo ya saba itaonekana kijani, na mwenye akaunti atashusha pumzi akiamini mfumo umemwokoa.

Wanaotengeneza roboti wanalijua hili, na baadhi yao huzidisha dau kwa 2.1 badala ya 2 ili kila ushindi uache faida. Dawa hiyo ina gharama yake. Kwa kuzidisha kwa 2.1, hatua saba zinahitaji karibu shilingi 163,000. Akaunti yetu ya 127,000 sasa inatosha hatua sita tu, na uwezekano wa kuungua katika mzunguko mmoja unapanda kutoka 1 kati ya 128 hadi 1 kati ya 64. Umefunga tundu moja la ndoo na kutoboa lingine kubwa zaidi.

Tukirudi kwenye kuzidisha kwa mbili, wastani wa faida katika mzunguko unaoshinda ni kama shilingi 824. Gawanya 127,000 kwa 824: unahitaji ushindi wa mizunguko 154 kufidia anguko moja. Lakini kwa wastani anguko huja mara moja katika kila mizunguko 128. Unadaiwa ushindi 154 na unapata 127. Tofauti hiyo ndiyo pato la mwenye jukwaa, na haipatikani kwa hila. Ni zile 50 zinazokatwa kwenye kila 1,000 unayoshinda.

Kuna njia nyingine ya kuona kitu hicho hicho. Mwenye akaunti anaamini anacheza 1,000 tu kwa wakati mmoja. Ukweli ni kwamba kila hatua ya ngazi inafikiwa nusu ya mara ambazo hatua iliyotangulia imefikiwa, lakini dau lake ni mara mbili. Nusu na mara mbili zinafutana, kwa hiyo kila hatua inaongeza wastani wa 1,000 kwenye jumla ya madau. Hatua saba, shilingi 7,000 kwa kila mzunguko. Makato ya mchezo huu ni asilimia 2.5 ya madau yote, kwa hiyo kila mzunguko unakugharimu wastani wa shilingi 175, hata ule ulioisha kwa ushindi mwepesi. Gharama hiyo haionekani kwa sababu hailipwi kidogo kidogo. Inalimbikizwa na kudaiwa yote siku ya anguko.

Mashine haikosi nafasi

Sasa tuangalie kile kinachosifiwa kuliko vyote, yaani kwamba kazi inafanywa na roboti isiyochoka.

Mzunguko mmoja huwa na madau mawili hivi kwa wastani. Dau moja likichukua dakika moja, mzunguko ni dakika mbili. Ukisubiri hasara saba mfululizo kwenye sarafu, zitakuja baada ya marusho 254 kwa wastani, yaani saa nne na robo. Mtu anayecheza kwa mkono, akishinda mara tano kisha akafunga simu akaenda kula, anaweza kukaa wiki nzima kabla hajakutana na mfululizo huo, akadhani haupo. Roboti inakutana nao ndani ya asubuhi moja. Ukiiacha iende saa 24 bila kusimama, uwezekano wa kumaliza siku bila kuangukia hatua ya saba ni kama 1 kati ya 300.

Hesabu hiyo pia inaeleza skrinishoti zinatoka wapi. Tuseme watu 100 wameiwasha roboti hii kwa saa mbili, kila mmoja na 127,000 yake. Baada ya mizunguko 60 hivi, takriban 62 kati yao hawajaanguka hata mara moja, na kila mmoja ana faida inayokaribia 49,000. Hiyo ni zaidi ya theluthi ya mtaji kwa saa mbili. Watu 38 hivi wameunguza. Wale 62 wanatuma picha kwenye kundi na kushukuru. Wale 38 wanakaa kimya, au wanaondoka, au wanaondolewa. Hakuna aliyedanganya kwa picha yake. Lakini anayesoma kundi anaona 62 wa kijani, na hana pa kuwaona wengine.

Nidhamu inafanya nini hasa

Mtu makini hatakubali kuiacha roboti usiku kucha. Ataweka lengo: ikifika faida ya shilingi 10,000 kwa siku, izimwe. Hiyo ni mizunguko 12 hivi, isiyofika hata nusu saa. Uwezekano wa kuvuka siku salama ni 91 kwa 100, na siku hizo 91 ndizo zinazomfanya ajisikie ana nidhamu. Rudia siku 30, hata hivyo, na umecheza mizunguko 360. Wanaovuka mwezi bila anguko ni kama 6 kati ya 100. Mchezo haujui kwamba jana ulizima simu. Lengo la siku limeikata kamba ileile vipande vipande, na urefu wa kamba umebaki ulivyokuwa. Lililo zuri katika lengo la siku ni kwamba mtu huitoa faida na kuitumia, kwa hiyo anguko linakuta mtaji peke yake. Lakini mtaji unaondoka.

Wengine huweka kikomo cha hasara: roboti isizidi hatua ya nne. Hapo akaunti haiungui kwa mkupuo, ila kila anguko linachukua 15,000, na anguko la hatua nne huja mara moja katika mizunguko 16. Makato ni yaleyale asilimia 2.5, hasara inakuja kwa vipande vidogo na mara nyingi zaidi. Kikomo kimebadilisha umbo la hasara na kuacha wastani wake mikononi mwa makato.

Ipo nidhamu ya tatu inayopendwa sana: roboti isianze kuweka pesa mpaka ione nyekundu nne mfululizo, kwa kuwa "ya tano lazima iwe kijani". Jibu la hoja hii lilitolewa Monte Carlo tarehe 18 Agosti 1913, kwenye meza ya ruleti. Mpira uliangukia weusi mara 26 mfululizo. Kadiri weusi ulivyoendelea kutoka ndivyo wachezaji walivyozidi kumwaga pesa kwenye wekundu, wakiamini zamu yake imeshafika, na kasino ikavuna mamilioni ya faranga. Mpira haukumbuki ulikotua. Baada ya nyekundu nne, uwezekano wa ya tano kuwa nyekundu ni uleule wa siku zote, na roboti inayosubiri imepunguza tu idadi ya mizunguko inayocheza kwa saa. Itaungua baadaye kidogo kwa saa ya ukutani, lakini baada ya idadi ileile ya mizunguko.

Itakuwaje roboti ikiwa kweli ina uwezo, inapatia mara 55 kwa 100? Hilo ni jambo kubwa. Kwa malipo ya asilimia 95, ukipatia zaidi ya mara 51.3 kwa 100 tayari uko upande wa faida. Roboti ya namna hiyo ingeweza kuweka 1,000 ileile kila mara, bila kuongeza, na kuvuna wastani wa shilingi 72 kwa kila dau. Haihitaji kuzidisha. Ukiizidishia dau, hasara saba mfululizo bado zitatokea mara moja katika mizunguko 268 hivi, na roboti nzuri itaungua kama mbaya, ila kwa kuchelewa.

Mtaji mkubwa hausaidii?

Jibu la kawaida la muuzaji ni kwamba 127,000 ni ndogo mno. Ongeza mtaji, mfumo upate nafasi ya kupumua. Tuone. Ili kununua hatua moja zaidi, ya nane, unahitaji 255,000, yaani mara mbili ya mwanzo. Ili kufika hatua kumi unahitaji 1,023,000. Kila pumzi moja inagharimu akaunti nzima nyingine.

Kwa hatua kumi anguko linakuja mara moja katika mizunguko 1,024, na hilo linasikika salama. Lakini likija linaondoka na milioni moja, na ushindi ukipatikana hatua ya kumi unakuacha nyuma zaidi kuliko wa hatua ya saba. Wastani wa madau kwa mzunguko sasa ni 10,000 badala ya 7,000, kwa hiyo makato ya wastani yamepanda kutoka 175 hadi 250 kwa kila mzunguko, wakati dau la kwanza bado ni 1,000. Tajiri anaungua kwa nadra zaidi na kwa maumivu makubwa zaidi. Mbali na hayo, majukwaa na kasino huweka dau la juu kabisa linaloruhusiwa. Meza yenye dau la chini 1,000 na la juu 100,000 inakubali hatua saba tu, hata aliyekaa mbele yake awe na benki nzima nyuma yake.

Akaunti ndogo inaungua mapema kwa sababu dau la chini kabisa la jukwaa halipungui. Mwenye 31,000 kwenye mchezo wa dau la 1,000 ana hatua tano, na hatua tano hufeli mara moja katika mizunguko 32, saa moja hivi ya kazi ya roboti.

Kuigundua kabla hujalipa

Kwenye biashara ya fedha za kigeni, kanuni hii huvaa nguo nyingine. Roboti inayotumia MetaTrader hununua loti 0.01, bei ikienda kinyume inanunua 0.02 chini yake, kisha 0.04, kisha 0.08, bila kufunga zilizotangulia. Kwa kuwa hasara hazijafungwa, haziandikwi kwenye historia. Mstari wa `Balance` unapanda kama ngazi, na picha ya mstari huo ndiyo inayouzwa.

Ukitaka kujua unachouziwa, omba mstari wa `Equity` uliochorwa pamoja nao, kwa maana huo unahesabu pia hasara zilizo wazi. Ukiona `Equity` inazama mara kwa mara mbali chini ya `Balance` kisha inarudi, umeiona ngazi ikipandwa. Halafu fungua orodha ya miamala na usome safu ya `Volume` tangu juu hadi chini. Namba zikienda 0.01, 0.02, 0.04, 0.08 kisha zikarudi 0.01, hakuna haja ya kuuliza mfumo unaitwaje. Alama ya mwisho ni uwiano: ushindi mwingi sana wa viwango vidogo, na hasara kubwa kabisa inayolingana na ushindi mia na zaidi. Ikiwa hasara hiyo haimo kwenye historia kabisa, historia ni fupi mno.

Kwa mchezo wa dau, mtihani ni mwepesi zaidi na unafanyika kwa karatasi. Andika dau la kwanza, lizidishe mara mbili, jumlisha, endelea mpaka jumla ipite salio lako. Hesabu hatua ulizovuka. Kisha anza na 1 na uizidishe mara mbili kwa idadi ya hatua hizo. Hapo umepata mzunguko mmoja kati ya mingapi utakaokuunguza. Zidisha namba hiyo kwa dakika mbili, nawe utajua wastani wa saa ambazo roboti hiyo itachukua kabla ya kumaliza pesa zako. Muuzaji akikwambia mfumo wake ni tofauti, mwombe akujazie sehemu moja tu: baada ya hasara saba mfululizo, salio linabaki shilingi ngapi?